Jedwali la Nafasi za Kazi: "Na" Ibaki "Na", "Au" Ibaki "Au"

Ndugu zangu, tangazo la kazi lenyewe mnalijua: kurasa tano, sita za PDF, kada kumi kwa mpigo, halafu linasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp likiwa limekatwa kichwa na miguu. Kijana mwenye simu na bando la shilingi mia tano hawezi kulisoma lote. Ndiyo maana tunamtengenezea jedwali. Tatizo langu ni majedwali ninayoletewa.

Chukueni Dereva Daraja la II, nafasi inayotangazwa na halmashauri karibu kila msimu. Jedwali linasema: "Kidato cha nne, leseni, uzoefu." Basi! Sasa soma tangazo lenyewe. Linataka cheti cha kidato cha nne, na leseni ya daraja E au C, ambayo mwombaji ameifanyia kazi mwaka mmoja bila kusababisha ajali. Linataka pia cheti cha mafunzo ya msingi ya udereva kutoka VETA au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali. Mmeona "na" na "au" zilivyokaa? E au C: moja inatosha. Cheti cha udereva na leseni: moja haitoshi. Ukizimeza zote kwenye neno "leseni", mwenye daraja D, ile ya gari lake la nyumbani, ataomba na kusubiri simu ambayo haitapigwa.

Tena kuna mtego wa ndani zaidi. Kijana ameendesha kwa daraja D miaka mitano, akapata E miezi miwili iliyopita. Ana uzoefu? Kwa maneno ya tangazo, mwaka mmoja unahesabiwa kwa hiyo E au C, si kwa usukani wowote. Kwa hiyo safu ya uzoefu usiandike "mwaka 1". Andika "mwaka 1 kwa leseni hiyo E au C, bila ajali".

Najua kuna mtu anasema moyoni, "Mwalimu, jedwali litakuwa refu." Liwe refu! Vunja sifa kwenye safu nne: elimu, leseni au usajili, uzoefu, mafunzo ya ziada. Kila sharti na chumba chake. Mtafuta kazi anaweka alama ya vema chumba kwa chumba, na kimoja kikikosa alama anahamia tangazo lingine bila kupoteza bando.

Halafu, jamani, masharti ya jumla! Yako mwishoni mwa tangazo na hakuna anayefika huko. Huko ndiko wanakosema mwombaji awe raia wa Tanzania na umri usizidi miaka 45, isipokuwa aliye tayari kazini serikalini. Huko ndiko wanakosema hati za matokeo hazikubaliwi, wanataka cheti chenyewe. Haya yanahusu kada zote kumi, kwa hiyo yasirudiwe mara kumi. Yawekeni juu ya jedwali, mstari wa kwanza kabisa, kabla mtu hajaanza kuota mshahara.

Jambo la pili ni njia ya kuomba. Tangazo linasema barua iandikwe kwa Mkurugenzi Mtendaji, sanduku la posta namba fulani. Mtengenezaji jedwali anaandika: "Tuma kwa posta." Hapana! Soma sentensi inayofuata: maombi yote yatumwe kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, portal.ajira.go.tz, na yatakayowasilishwa nje ya utaratibu huo hayatafikiriwa. Ile anwani ni ya kichwa cha barua tu. Kwa hiyo weka safu mbili: "barua inaandikwa kwa nani" na "inapitia wapi". Na kwenye hii ya pili ongeza kwamba kujisajili kunataka namba ya NIDA, kwani asiyenayo hataipata usiku wa mwisho.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, nikimbie. Tarehe: andikeni 2025-04-03, mwaka kwanza. Ukiandika 03/04, kompyuta nyingine inasoma Machi 4 badala ya Aprili 3. Tangazo likisema "ndani ya siku 14" bila tarehe, hesabuni kuanzia tarehe ya tangazo lenyewe, si siku lililofika kwenye kundi, na siku ya tangazo ihesabiwe kuwa ya kwanza. Yaani la Machi 3 andikeni Machi 16. Heri kuwahi siku moja. Tarehe ikiwa kwenye safu C, siku zilizobaki zinajihesabu:

```
=C2-TODAY()
```

Ikitoka hasi, futa mstari. Tangazo lililokatwa tarehe halingii kwenye jedwali mpaka nakala nzima ipatikane kwa aliyelitoa. Mama wa pale nyuma umenyoosha mkono tangu mwanzo, karibu uulize.