Mgao Uandikwe Kabla ya Hati: Mhadhara wa Kodi za Zawadi na Urithi, Lamu

Assalamu alaykum wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu. Nawashukuru kwa kuja jua hili. Mada yangu wengi wenu mmekwisha kunisikia nikiisema, na nitaisema mpaka watu waache kupoteza pesa zao. Mambo ya faraidh sitayarudia, masheikh wetu wamekwisha kuwafunza. Leo tuzungumze serikali inadai nini mtu anapofariki akaacha nyumba, na haidai nini.

Nianze na lile ambalo watu hawaniamini. Kenya haina kodi ya urithi. Ilikuwako moja, ya mali ya marehemu, ikafutwa mwaka 1982. Mali ya baba ikipita kwa msimamizi wa mirathi, na kutoka kwa msimamizi ikaenda kwa mrithi, mrithi hadaiwi kodi ya faida ya mtaji, ile ya faida apatayo mtu akiuza mali, kwa sababu sheria haiuhesabu uhamisho huo kuwa ni kuuza. Wala halipi ushuru wa stempu wa asilimia kama alipavyo mnunuzi. Kwa hivyo mtu akikujia baada ya hitima akakwambia, "Toeni asilimia kumi ya kodi ya mirathi, nitawapitishia," muulize namba ya malipo, ile inayoitwa PRN, inayotoka kwenye mtandao wa KRA. Kila kodi ya kweli ya KRA ina PRN yake. Asiyekuwa nayo anataka pesa za mfuko wake.

Najua mtaniambia, "Mbona sisi tulilipa?" Mlilipa ada. Mahakama ina ada yake, wakili ana yake, mpimaji ana yake, na ofisi ya ardhi ina ya kusajili. Halafu kuna malimbikizo ya kodi ya kaunti ya ardhi, ambayo marehemu mwenyewe alikuwa hajalipa, na bila cheti cha kwamba kaunti haidai kitu uhamisho haupiti. Hilo ni deni la nyumba, lingelipwa hata baba angekuwa hai. Lakini watu huyachanganya yote, wakasema serikali inaila mirathi.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo pesa zinapopotea.

Chukueni familia moja ya Langoni. Baba amefariki, ameacha mjane, watoto wa kiume wawili na wa kike wawili, na nyumba moja ya mawe iliyothaminiwa shilingi milioni 12. Mjane ana thumuni. Tukigawa nyumba mafungu 48, mjane anapata 6, kila mwanamume 14, kila mwanamke 7. Kwa pesa, mama ana milioni moja na nusu, kila kijana ana milioni tatu na nusu, kila binti ana milioni moja na laki saba na nusu. Hakuna anayelipa kodi hata senti.

Kaka mkubwa anaishi Mombasa, ana nyumba yake na kazi yake. Dada mdogo ndiye aliyebaki na mama, ndiye anayemwogesha na kumpeleka hospitali. Kaka akasema, "Fungu langu namwachia dada." Jambo jema kabisa. Lakini alilisema lini? Hapo ndipo penye kisa. Familia hii walikwenda kwa kadhi, wakapata mgao, wakaenda ofisi ya ardhi, hati ikatoka na majina matano na mafungu yao. Baada ya mwaka ndipo kaka akaja kutaka kumhamishia dada fungu lake.

Siku ile hakuna tena mirathi. Kuna mwenye mali aliye hai, anampa mwenziwe zawadi, na zawadi ya ardhi sheria inaitazama kama mauzo. Ushuru wa stempu kwa ardhi ya mji ni asilimia 4 ya thamani halisi, na anayetaja thamani ni mthamini wa serikali, si nyinyi. Asilimia 4 ya milioni tatu na nusu ni shilingi 140,000. Kisha inakuja kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida. Kaka anasema, "Faida gani, nami sikupokea hata shilingi?" Sheria inasema zawadi ihesabiwe kwa bei ya soko. Tuseme gharama inayokubalika kwa fungu lake ni milioni moja. Faida ni milioni mbili na nusu, na kodi yake ni shilingi 375,000. Jumlisheni: zaidi ya laki tano, kwa mtu aliyemfanyia ihsani dada yake.

"Lakini ni ndugu yake wa tumbo moja!" Naam, nalijibu hili kila mahali. Sheria ya kodi ya faida ya mtaji inasamehe uhamisho baina ya mume na mke, na uhamisho kwenda kwa watoto wao. Ndugu hakutajwa. Shangazi hakutajwa, mjomba hakutajwa, mjukuu hakutajwa. Sisi huku familia ni ukoo mzima, sheria ile familia yake ni chumba kimoja. Kuna msamaha mwingine, wa ardhi ya mtu binafsi ambayo thamani ya uhamisho wake haizidi milioni 3. Lau angekuwa dada mkubwa ndiye aliyeacha fungu lake la milioni moja na laki saba na nusu, kodi ya faida isingemgusa, ushuru wa stempu tu ndio ungebaki. Fungu la kaka lilizidi kiwango hicho kwa laki tano.

Njia yenyewe ilikuwa nyepesi. Siku ile ile mbele ya kadhi, baada ya mafungu kutajwa, kaka angesimama akasema kwa hiari yake kwamba fungu lake linakwenda kwa dada, makubaliano yakaandikwa, warithi wote wakatia sahihi, na mgao uliothibitishwa na mahakama ukatoka ukisema dada ana mafungu 21. Msimamizi akipeleka hati ile ofisi ya ardhi, dada anaandikishwa mafungu 21 moja kwa moja kama mrithi. Hakuna zawadi iliyofanyika baina ya watu walio hai. Nyumba ile ile, ndugu wale wale, tofauti ni karatasi ipi iliyotangulia.

Kuna atakayesema huku ni kuikwepa serikali. Hapana. Ukwepaji ni kuandika nyumba ya milioni 12 kuwa ni ya milioni mbili. Hapa thamani ni ya kweli, warithi ni wa kweli, na mahakama imeona. Ila angalieni: kaka akilipwa pesa na dada kwa fungu lile, hiyo ni biashara, msiivike kanzu ya msamaha. Iandikeni kama ilivyo na muilipie kama ilivyo.

Na hapa nitasimama kidogo, wanaume mnivumilie. Makubaliano haya nimeyaona yakitumiwa kinyume. Dada anaitwa barazani, anaambiwa, "Wewe umeolewa, una mumeo, tia sahihi hapa." Anatia sahihi asichokisoma. Yule ambaye fungu lake ndilo dogo ndiye anayeombwa aliache! Mimi siko hapa kuwafundisha njia ya kuwanyima dada zenu bila kodi. Kuachia haki ni kwa mtu mzima, mwenye akili zake, aliyeambiwa kwanza fungu lake ni kiasi gani kwa pesa. Yatima mdogo hawezi kuachia chochote, wala mlezi wake hana ruhusa ya kumwachilia. Mama zangu, ulizeni: "Fungu langu ni shilingi ngapi?" Mkijibiwa kwa hesabu, ndipo mzungumze.

Jambo la pili. Wazee wengi hunijia wakisema, "Nataka kumpa mwanangu nyumba nikiwa hai, ili asije akatozwa kodi nikifa." Mzee wangu, akirithi hatozwi. Ukimpa leo, kodi ya faida ya mtaji haimo, kwa kuwa ni mwanao, lakini ushuru wa stempu umo. Kwa nyumba ya milioni 12 ya mjini ni shilingi 480,000. Shamba nje ya mji ni asilimia 2. Mke na mume wakihamishiana wamesamehewa stempu pia, mtoto hakusamehewa. Kwa hivyo kama una sababu yako ya kutoa hiba, toa, na masheikh watakwambia kwamba hiba haitimii mpaka uliyempa aikabidhiwe. Lakini usitoe kwa kuogopa kodi ambayo haiko.

Naona muda unanikimbia, nami sijagusa mauzo. Haraka basi. Warithi wakitaka kuuza nyumba kwa mtu wa nje ili wagawane pesa, kuna msamaha wa kodi ya faida kwa mauzo ya kusimamia mirathi, sharti yakamilike ndani ya miaka miwili. Miwili tangu lini? Tangu siku ya kifo, si tangu siku mlipopata karatasi za mahakama. Kukiwa na kesi juu ya mirathi ile, miaka miwili inaanza kesi inapokwisha. Vinginevyo Kamishna wa kodi anaweza kuongeza muda, lakini kwa maandishi. Ahadi ya mdomo kutoka dirishani haisimami. Familia zetu hukaa miaka saba kabla ya mtu kufungua faili, halafu mnunuzi akija ndipo wanauliza habari ya msamaha. Ushuru wa stempu wa mauzo hayo ni wa mnunuzi, msikubali awasukumie.

Pesa taslimu nitazipitia tu. Mjomba aliyeko Maskati akikutumia zawadi, si mapato yako, hudaiwi. Tajiri wako kazini akikupa "zawadi", hiyo ni sehemu ya mshahara.

Kuna mama ameuliza habari ya pango la wapangaji. Swali zuri. Nyumba kurithiwa haina kodi, lakini pango linaloingia baada ya kifo ni mapato, na hili husahauliwa sana. Wapangaji wanaendelea kulipa kwenye simu ya kijana mmoja, na hakuna anayeitangaza. Tuseme pango ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 720,000, imepita kiwango cha 288,000, kwa hivyo tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya pango zima bila kutoa matumizi: shilingi 4,500 kila mwezi, isipite tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kabla ya kugawa, mwenye kuulizwa ni msimamizi wa mirathi, hata kama pesa anazipokea mwingine. Kwa hivyo mama, kama msimamizi ni wewe na pango linaingia kwa mwanao, chukua taarifa za simu yake za kila mwezi tangu siku ya kifo uziweke.

Adhana inakaribia. Wenye nyumba ambazo bado zimeandikwa jina la babu, hapo ni mirathi miwili, ya babu kwanza kisha ya baba. Nisubirini hapo uani, na mje na vyeti vya kifo vyote viwili.