Tangazo Linapomfuata Mtu Hadi Ukerewe

(Mhadhara kwa wenye maduka, Mwanza)

Shikamooni wakubwa, na wengine wote habari za mchana.

Nimeombwa niseme juu ya matangazo yanayomfuata mtu. Mnayajua. Umeingia kwenye tovuti ya duka, umeangalia kitanda, umetoka. Jioni uko kwenye meli ya kwenda Nansio, unafungua Instagram, kitanda kile kile hiki hapa. Kesho kipo, keshokutwa kipo. Naona mama pale mbele anacheka. Bila shaka kuna kinachomfuata hata sasa.

Leo nataka tufanye hesabu moja tu, ambayo wengi wetu huku hatuifanyi kabla ya kuweka pesa. Bajeti ya tangazo la aina hii haipangwi kwa kuangalia mfuko wako. Inapangwa kwa idadi ya watu walio kwenye orodha ya waliopita kwenye tovuti yako.

Tuchukue duka la vitanda na magodoro hapa mjini. Kwenye tovuti yake kuna Meta Pixel, kile kipande cha msimbo kinachoitaarifu Facebook kwamba fulani amepita hapa. Tuseme kwa mwezi wamepita watu 3,000. Facebook haitawatambua wote. Kuna wasio na akaunti, na kuna wenye simu za Apple ambao tangu 2021 wanaulizwa kama wanakubali kufuatiliwa, na wengi hugoma. Tuseme wamebaki 1,500. Mwenye duka anaweka shilingi 15,000 kwa siku, kwa sababu ndiyo anayoweka kwenye matangazo yake mengine. Kama kuonekana mara elfu moja kunamgharimu shilingi 3,000, pesa hiyo inamnunulia mara 5,000 kila siku. Gawanya kwa watu 1,500: kila mmoja anaona kitanda zaidi ya mara tatu kwa siku. Kwa wiki ni mara 23.

Tangazo lile lile linalowalenga watu wa jiji zima lisingemchosha mtu, maana pesa ingetawanyika kwa maelfu kwa maelfu. Kwenye orodha ndogo pesa haina pa kwenda, inarudi kwa watu wale wale.

Basi geuzeni hesabu. Anza na mara ngapi unataka mtu akuone kwa wiki. Kwa kitanda, mimi naona mara tano zinatosha. Hayo ni maoni yangu, si amri ya mtu. Watu 1,500 mara tano ni 7,500. Kwa bei ile ile ni shilingi 22,500 kwa wiki, kama 3,200 kwa siku. Mwenye duka alikuwa anatoa karibu mara tano ya pesa inayohitajika, akaishia kuwaudhi watu.

Mtaniuliza, si kuna kikomo cha kuweka? Kipo, ila si kila mahali. Google Ads, kwenye matangazo ya picha na ya video, inakuruhusu kuandika kwamba mtu asione zaidi ya mara kadhaa kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi. Kwa Meta, wenye Facebook na Instagram, kikomo cha namna hiyo kipo kwenye kampeni za kutafuta kujulikana, zile za `Awareness`. Ukichagua kampeni ya mauzo, ambayo ndiyo wengi mnaitumia, kisanduku hicho hukioni. Breki zako ni mbili: bajeti, na siku ambazo mtu anakaa kwenye orodha. Meta inaruhusu hadi siku 180. Jamani, nani anatafuta kitanda miezi sita? Weka 14. Atakayekuwa bado anakihitaji atarudi mwenyewe kwenye tovuti, na orodha itampokea upya.

Sasa, kwenye ripoti kuna safu inaitwa `Frequency`. Ni idadi ya kuonekana kugawanywa kwa idadi ya watu waliofikiwa. Isomeni, lakini msiiamini kupita kiasi, kwa sababu ni wastani. Chukueni watu kumi, tangazo limeonekana mara 60, safu inaonyesha 6. Inawezekana wawili wameona mara 20 kila mmoja na wanane waliobaki wamegawana 20 zilizosalia. Wale wawili ndio wanaoshinda mtandaoni, na ndio wanaoandika pale chini, "Nyie mnatufuata hadi lini?"

Kwa hiyo linganisheni wiki kwa wiki. `Frequency` inapanda, wanaobonyeza wanapungua, na gharama ya kila ujumbe unaoingia WhatsApp inaongezeka: hapo watu wameshachoka. Kama moja tu kati ya hayo limebadilika, chunguzeni kwanza picha au bei.

Kuna mtego mwingine kwenye ripoti hiyo hiyo. Meta inaweza kujihesabia mauzo ya mtu aliyeona tangazo bila hata kulibonyeza, kisha akanunua ndani ya siku moja. Ukimwonyesha tangazo kila siku mtu ambaye tayari alikuwa njiani kuja kununua, ripoti itasema tangazo ndilo lililouza. Ndiyo maana matangazo haya yanapendeza sana kwenye karatasi hata pale yanapokera. Angalieni mauzo yaliyotokana na kubonyeza peke yake.

Niingie kwenye linaloniuma zaidi: mteja aliyekwisha kununua. Kwenye maduka yanayouza ndani ya tovuti hili ni jepesi, kwa sababu pikseli inaona malipo na unawaondoa walionunua. Lakini huku kwetu mtu anaangalia kwenye tovuti, anapiga simu, anapunguziwa bei, anatuma pesa kwa M-Pesa, kitanda kinapakiwa kwenye Kirikuu. Pikseli haijui lolote kati ya hayo. Mtu analala kwenye kitanda chenu huku mkimwonyesha kitanda chenu, na pengine sasa kina punguzo ambalo yeye hakulipata. Machinga wa Makoroboi angeona mfuko mkononi mwako akaachana nawe.

Dawa ni kupakia namba za walionunua kama orodha ya wateja, kisha kuiweka kwenye sehemu ya kuwatenga. Namba zianze na 255, bila ile sifuri ya mwanzo:

```
phone
2557XXXXXXXX
2556XXXXXXXX
```

Namba zinafichwa kwa SHA-256 kabla hazijalinganishwa. Fanyeni kila wiki, Jumatatu asubuhi kwa mfano, mkiwa mnafunga hesabu za wiki iliyopita. Si wote watakaopatikana: mtu analipa kwa laini ya Voda, Facebook alijiandikisha kwa Airtel. Na kumbukeni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mwambieni mteja namba yake mtaitumia kwa nini, na mpate ridhaa yake, kabla haijaenda kokote.

Kuna swali pale nyuma. Ndiyo, kaka.

Anauliza, orodha yake ina watu 200 tu, na hata bajeti ya chini kabisa inazidi hesabu. Kaka, usiwaendeshee tangazo la peke yao. Waache ndani ya kampeni ya watu wote wa Mwanza, watakutana nalo pamoja na wengine. Au liendeshe siku tatu pale mzigo mpya unapoingia, kisha uzime mpaka mzigo mwingine. Na katika hao 200, walioacha namba na kukubali kupigiwa, mpe kijana wa dukani awapigie. Kabla wiki haijaisha atakuwa amewamaliza.