Mipira 3, Watoto 56: Andalio la Kurusha na Kudaka

ZUHURA: Karibuni tena, mlio kwenye daladala na mnaosahihisha madaftari huku mnatusikiliza. Mimi ni Zuhura, na mwenzangu ni Mwalimu Kassim, ambaye leo kaingia studioni na kiroba begani. Mwalimu, umetuletea mahindi?

KASSIM: Mahindi yaliwahi kuniponza, nitakueleza. Humu mna mipira 19 ya soksi na matambara. Ya dukani ninayo mitatu tu, na Darasa la Tatu langu lina watoto 56. Juzi nimewafundisha kurusha na kudaka katika somo la Sanaa na Michezo, kipindi kimoja cha dakika 40.

ZUHURA: Sisi zamani tungepangwa foleni tatu, kila foleni na mpira wake. Unarusha, unarudi nyuma, unasubiri.

KASSIM: Na mimi mwaka wangu wa kwanza kazini nilifanya hivyo hivyo, nikajiona nimepanga vizuri. Sasa tupige hesabu. Watoto 56 kwa mipira 3, foleni ina watu kama 19. Kila mtoto akitumia sekunde 10 kurusha na kuupisha mpira kwa mwenzake, foleni inachukua dakika 3 na zaidi kuzunguka mara moja. Ukiwa na dakika 24 za mazoezi yenyewe, mtoto anarusha mara 7 au 8. Muda wote uliobaki amesimama juani anamfinya mwenzake.

ZUHURA: Halafu mwalimu analalamika darasa lina fujo.

KASSIM: Fujo ameipanga mwenyewe. Kwa hiyo nikiandika andalio la somo siku hizi, kabla ya kitu chochote nauliza: kila mtoto atagusa mpira mara ngapi? Ndipo nikaanza kutengeneza mipira.

ZUHURA: Chandimu, kwa maneno mengine.

KASSIM: Chandimu ndogo. Ila kuna jambo limebadilika. Wewe na mimi tulifunga chandimu kwa mifuko ya rambo, na rambo zimepigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 2019. Kwa hiyo sasa ni matambara ndani, soksi kuukuu juu, na kamba za mpira zilizokatwa kwenye tyubu ya baiskeli za kukaza. Ukubwa wa chungwa. Uzito nakadiria kwa mayai: mpira mmoja mkononi uwe kama mayai mawili. Ukiwa mwepesi kuliko hapo upepo unauchukua na mtoto hajifunzi kitu, ukiwa mzito utamuumiza mtu.

ZUHURA: Na mahindi?

KASSIM: Mara ya kwanza nilijaza punje za mahindi ili mpira uwe na uzito. Wiki ya kwanza panya. Mipira iliyopona ikanyeshewa, na siku naufungua mmoja nikakuta umeota.

ZUHURA: Ungepanda tu!

KASSIM: Mchanga nao si mzuri. Unavuja kwenye mshono, ukimpata mtoto usoni unaingia machoni. Matambara yanatosha. Halafu mpira wa matambara una faida ambayo wa dukani hauna: ukianguka unakaa hapo hapo. Haudundi wala haukimbilii kwenye mihogo ya jirani. Muda mwingi wa vipindi hivi unaliwa na kufukuza mpira.

ZUHURA: Mbona ni 19? Uliwaagiza 19?

KASSIM: Nilimwagiza kila mmoja alete wa kwake, wiki moja kabla. Ikaja 19. Usitegemee zaidi ya thuluthi, ndiyo maisha. Ila 19 mara 3 ni 57, na mimi nina 56. Makundi 18 ya watatu watatu, na moja la wawili. Wawili wanarushiana, wa tatu ni mwangalizi. Baada ya mitupo 10 wanabadilishana.

ZUHURA: Huyo wa tatu si amerudi kwenye foleni?

KASSIM: Angekuwa hana kazi, ndiyo. Lakini nimempa kitu kimoja cha kutazama, kimoja tu. Awamu ya kwanza anatazama macho ya mdakaji: yamefumba au yako wazi? Ananyoosha kidole gumba juu au chini. Ukimpa mambo matatu ya kutazama hatatazama hata moja.

ZUHURA: Tuanze mwanzo basi. Mmetoka nje, kengele imeshalia.

KASSIM: Kwanza mistari. Nachora miwili kwa majivu, hatua tatu kati yake, nayo inaenda mashariki hadi magharibi. Warushaji wanatazama kaskazini na kusini, kwa hiyo jua la asubuhi halimpigi mtu machoni. Wote wanarusha kuvuka mistari hiyo, hakuna kundi linalorusha upande wake. Na filimbi mbili maana yake ni kukumbatia mpira na kukaa chini. Hiyo naifanyia mazoezi kabla hata mpira mmoja haujatoka kwenye kiroba.

ZUHURA: Hapo umesema kama mtu aliyeumwa na nyoka.

KASSIM: Kuna mwaka niliwaacha warushe walivyotaka, mtoto akainama kuokota mpira wake, akapigwa sikioni na mpira wa kundi jingine. Bahati ulikuwa wa soksi. Basi, dakika 5 za kupasha misuli moto, kisha dakika 8 za kudaka. Na kudaka naanza na kurusha kwa chini, mkono unatoka kwenye goti kwenda juu, mpira unapaa taratibu.

ZUHURA: Kwa nini usianze na kurusha kwa juu? Ndiko wanakokupenda.

KASSIM: Kwa sababu ya woga. Mrushie kwa nguvu mtoto wa miaka 8 ambaye hajazoea: anafumba macho, anageuza uso pembeni, na anakunja mikono kifuani kama amebeba kuni. Mpira unagonga kifua, unaanguka, wenzake wanacheka. Mwalimu anamwambia hayuko makini, kumbe anaogopa. Woga huo hauondoki kwa maneno. Unaondoka akidaka mara 20 kitu laini kinachokuja polepole.

ZUHURA: Sasa mikono. Mimi mpaka leo sijui mikono iwekwe vipi.

KASSIM: Weka hapo chini simu yako. Mpira ukija chini ya kifua, vidole vidogo vya mikono miwili vigusane, viganja viangalie juu. Ukija juu ya kifua, vidole gumba ndivyo vigusane, vidole vingine vielekee mbinguni. Halafu mikono iende kuupokea mpira mbele na irudi nao kifuani. Watoto nawaambia ni yai bichi. Ukilisubiri na mikono migumu, litapasuka.

ZUHURA: Ngoja, rusha. ...Aa! Nimeweka vidole gumba kwa mpira wa chini.

KASSIM: Ndiyo kosa lenyewe, na umeona, mpira umepita katikati. Aliyecheza mdako hapati tabu sana hapa, jicho lake limeshazoea kufuata jiwe likipanda na kushuka.

ZUHURA: Haya, kurusha kwa juu.

KASSIM: Dakika 10. Hapa nasogeza mistari, ziwe hatua sita, na mwangalizi anaacha macho anatazama miguu. Mtoto anayerusha kwa mkono wa kulia, kama hajafundishwa, anatanguliza mguu wa kulia. Kifua kinatazama mbele, nguvu inatoka kwenye kiwiko tu, mpira unafika nusu ya njia. Mwalimu anayefuata mpira kwa macho hataliona kosa hilo. Tazama miguu.

ZUHURA: Na dawa yake?

KASSIM: Asimame ubavu, bega la kushoto lielekee kwa mwenzake. Mbele yake nachora kiduara cha majivu, mguu wa kushoto ukanyage hapo ndipo mkono wa kulia upite. Kiwiko kiwe juu usawa wa bega, na mkono ukishaachia mpira usikatike, umalizie kwenye paja la upande wa pili. Wenye mkono wa kushoto ni kinyume chake. Na hao niwatetee kidogo: nyumbani wameambiwa wasitoe kitu kwa kushoto, kwa hiyo wanajaribu kurusha kwa kulia kwa adabu. Wewe mwambie kabisa, hapa rusha na mkono unaoutaka.

ZUHURA: Wavulana ndio wanaong'ara hapa, au?

KASSIM: Kwangu hapana. Wasichana wa rede ndio walimu wasaidizi wangu. Mtu ambaye kila jioni anamlenga mwenzake katikati huku yule anajaza mchanga kwenye chupa, huyo mguu wake unajua pa kukanyaga.

ZUHURA: Mipira mitatu ya dukani iko wapi muda wote huu?

KASSIM: Kwenye kiroba, na kiroba kimefungwa. Ukiitoa mwanzoni, soksi zote zinatupwa chini na watoto 56 wanaufuata mpira mmoja. Inatoka dakika ya 25 hivi. Makundi matatu ya soksi yanaungana na mengine matatu, yaani watoto 18, sita kwa kila mpira, wanasimama duara na kupasiana kwa kifua kwa mikono miwili. Wengine 38 wanaendelea na soksi, wanalenga chupa zilizojazwa mchanga. Dakika 4 nabadilisha. Zamu tatu, dakika 12, wote wameugusa mpira mkubwa. Mara ya mwisho nakuwa na duara mbili za watu saba, haina shida.

ZUHURA: Tano, nane, kumi, kumi na mbili... ni 35.

KASSIM: Tano zinazobaki ni za kutoka darasani, kurudi na kuhesabu mipira. Kwenye karatasi tu ndiko watoto wanapofika uwanjani kwa sekunde moja.

ZUHURA: Na kwenye sehemu ya tathmini unaandika nini? Maana wengi tunaandika "somo limeeleweka" tunafunga daftari.

KASSIM: Huwezi kuwapima 56 kwa siku moja. Mimi nachagua kumi kabla ya kipindi, nawatazama mitupo mitano kila mmoja, na naandika idadi mbili: amedaka ngapi akiwa macho wazi, ametanguliza mguu sahihi mara ngapi. Juzi, katika kumi, saba walidaka tatu au zaidi. Kwenye mguu walikuwa wanne tu. Kwa hiyo wiki ijayo sisogei mbele, narudia kiduara cha majivu, na mstari unarudi hatua tano.

ZUHURA: Hebu nimjaribu fundi mitambo wetu pale nyuma ya kioo, mlango uko wazi. Mwalimu, mtazame... Ah! Kafumba macho!

KASSIM: Umemrushia kwa juu. Sogea hatua mbili, umrushie kwa chini.