Mbwa wa dakika ya 14

ZUHURA: Tumeingia hewani? Haya, karibuni tena. Mimi Zuhura, na mwenzangu Baraka amekuja na karatasi yake yenye mambo matatu ya kufundisha. Mnamjua.

BARAKA: Na leo yote matatu yataisha. Kukata sauti ya filamu kwa ajili ya kadi za kujifunzia lugha, kukata picha, halafu manukuu yanayochelewa.

ZUHURA: Subiri kwanza kaka, nina kesi na wewe. Juzi nimekaa kwenye foleni, simu mkononi, napitia kadi zangu za Kifaransa. Kumbe waya wa sikioni umechomoka. Nagusa kadi, simu ikabweka! Mzee aliyekaa mbele yangu akainua miguu yote miwili.

BARAKA: (anacheka) Kadi gani hiyo?

ZUHURA: Unaijua vizuri. Ya ile filamu uliyonikatia yote kwa mkupuo. Dakika ya 14.

BARAKA: Aah, mbwa yule! Mbwa yule mzuri sana.

ZUHURA: Mzuri kwako. Hebu waeleze wenzetu kwanza, halafu nikushtaki vizuri.

BARAKA: Ni hivi. Manukuu ya filamu mara nyingi huja kwenye faili la maandishi matupu, jina lake linaishia na `.srt`. Ukilifungua kwa programu yoyote ya kuandikia, unakuta kila mstari una namba yake, saa ya kutokea na saa ya kuondoka, halafu maneno. Mstari wa Zuhura ni huu hapa, tutauweka kwenye maelezo ya kipindi:

```
214
00:14:07,320 --> 00:14:09,880
N'ouvre pas, il est encore dehors.
```

Maneno yanatokea dakika ya 14, sekunde ya 7 na milisekunde 320. Yanaondoka sekunde ya 9 na milisekunde 880. Katikati hapo kuna sekunde 2 na milisekunde 560, na ndicho kipande chako cha kadi. Huna haja ya kuitazama filamu na kubonyeza vitufe, maana kuna mtu alishakupimia.

ZUHURA: Hapo ndipo ninapoanzia mashtaka. Alimpimia nani?

BARAKA: Nimalizie basi. Saa hizo unaipa programu ya `ffmpeg`, nayo inakukatia. Wengi wanakwama mahali padogo tu: faili la manukuu linatenganisha sekunde na milisekunde kwa alama ya mkato, ila `ffmpeg` inataka nukta. Ukibandika saa ilivyo, inakukatalia. Halafu mimi huwa natumia `-t`, ambayo ni urefu wa kipande, wala si saa ya kumalizia. Ukiandika saa ya kumalizia hapo, utapata kadi ya dakika 14.

ZUHURA: Mbwa, Baraka.

BARAKA: Ndiyo, mbwa. Mimi sikati pale pale kwenye saa ya mstari. Naongeza nusu sekunde mbele na nusu sekunde nyuma, kwa kila mstari wa filamu nzima. Kwa hiyo kipande cha Zuhura hakikuanzia 7.320, kilianzia 6.820. Na hapo nje ya mlango, mbwa alikuwa anabweka.

ZUHURA: Asante kwa kukiri mbele ya watu.

BARAKA: Sijakiri kitu, nimeeleza. Nusu sekunde ina sababu yake. Saa za manukuu zimewekwa kwa ajili ya jicho. Mstari ukitokea umechelewa kidogo tu nyuma ya sauti, mtazamaji hana habari. Lakini ukikata pale pale, sikio linajua mara moja, maana sauti ya kwanza imeliwa.

ZUHURA: Hilo nakubali. Nilijaribu kukata bila nyongeza yoyote, ile `N'` ya mwanzo ikapotea. Ukisikiliza kadi, mtu anasema fungua, wakati kwenye filamu anasema usifungue. Au tuseme nusu ya kukataza imebaki mwishoni na nusu imekwenda.

BARAKA: Kwa hiyo nyongeza inahitajika. Kesi imekwisha.

ZUHURA: Haijakwisha! Ndiyo kwanza inaanza. Nilifungua kipande kwenye Audacity nikatazama lile wimbi la sauti. Ukilikuza unaona kila kitu. Kuna mlima mkubwa, huo ni mbwa, unaisha kama kwenye 7.1. Halafu bonde jembamba, kimya. Halafu sauti ya mama wa kwenye filamu inaanza kwenye 7.27 hivi, mapema kidogo kuliko saa ya manukuu. Bonde hilo halifiki hata sehemu mbili za kumi za sekunde, lakini lipo. Ukianzia 7.220 unamkwepa mbwa na neno la kwanza unalipata lote.

BARAKA: Yaani nyongeza ya sehemu moja ya kumi ya sekunde.

ZUHURA: Mbele tu. Nyuma sikuongeza chochote, kwa sababu mama anamaliza kusema kwenye 9.2 na maandishi yanabaki mpaka 9.880. Ameachiwa msomaji nafasi ya kusoma. Netflix wana kanuni kwamba mstari usikae kwenye kioo chini ya 5/6 ya sekunde, hata kama neno lenyewe ni fupi kama kupiga chafya. Kwa hiyo mwisho mara nyingi una akiba tayari, na wewe unaiongezea akiba nyingine juu yake.

BARAKA: Mara nyingi, siyo kila mara. Watu wakijibizana haraka haraka, mstari wa kwanza unaondolewa upesi ili kumpisha wa pili. Hapo akiba hakuna.

ZUHURA: Ndiyo maana nasema sikiliza! Haya, nilichokiandika mwishowe ni hiki:

```
ffmpeg -ss 00:14:07.220 -i filamu.mkv -t 2.66 -map 0:a:0 -q:a 2 kadi_0214.mp3
```

BARAKA: Hiyo `-map 0:a:0` umeiweka vizuri. Faili likiwa na sauti za lugha mbili, usipochagua mwenyewe, `ffmpeg` inachukua ile yenye chaneli nyingi zaidi. Unaweza ukajikuta na kadi nzuri kabisa za lugha usiyojifunza.

ZUHURA: Sauti ya kwanza kwangu ilikuwa ya Kifaransa. Kwa msikilizaji inaweza kuwa ya pili, basi aandike 1 badala ya 0 mwishoni. Kompyuta inahesabu kuanzia sifuri.

BARAKA: Sawa. Sasa umeshamfukuza mbwa wa watu. Umepata nini?

ZUHURA: Nimepata kadi inayonipima. Ile yako ilikuwa inanidanganya. Simu ikibweka tu, kabla mama hajafungua mdomo, mimi nishajua: usifungue, bado yuko nje. Nabonyeza "rahisi", Anki, ile programu ya kadi, inaisukuma kadi mbele wiki kadhaa. Kumbe sijasikia hata neno moja. Nimejifunza mbwa.

BARAKA: Umejifunza mbwa pamoja na sentensi.

ZUHURA: Mbwa peke yake! Nilithibitisha. Kadi ilipokuja bila mbwa, nilisikia maneno yamegandana, sikutofautisha lipi ni lipi.

BARAKA: Dada Zuhura, mtu akikuambia usifungue mlango, atakuambia ukiwa kimya studio? Atakuambia mbwa anabweka, mtoto analia, sufuria inaanguka. Sauti za pembeni ndizo zinazoipa sentensi mahali pa kukaa kichwani. Mimi kadi yangu ninayoikumbuka kuliko zote ina mlango unaolia kama unachinjwa.

ZUHURA: Unaikumbuka kadi, au unaukumbuka mlango?

BARAKA: Vyote.

ZUHURA: Zuia mlango, uniambie sentensi.

BARAKA: ...Sasa hivi hapa? Mbele ya watu?

ZUHURA: (anacheka) Wasikilizaji, mmesikia kimya hicho.

BARAKA: Kimya cha mtu anayefikiri! Sikia, nina pendekezo la amani. Kuna kichujio kinaitwa `afade`. Sauti inaanza chini na kupanda taratibu. Mbwa anabaki kwa mbali, kama yuko kwa jirani.

ZUHURA: Ndogo sana, ya milisekunde 30, sawa, inasaidia kuondoa ule mlio wa "tak" ukikata katikati ya wimbi. Ila wewe unataka ya nusu sekunde. Kwenye nusu sekunde, sauti inakuwa bado inapanda mama akianza kusema. Unamnyamazisha mbwa, na ile `N'` unaififisha tena. Tumerudi tulikotoka.

BARAKA: Basi tuseme kadi 800. Ndizo zinazotoka kwenye filamu moja yenye maneno mengi. Utafungua wimbi la kila moja utafute bonde?

ZUHURA: Sitakuwa na kadi 800. Nitachagua zile ninazotaka kujifunza. Hizo 800 zako nusu yake ni watu wanaitana majina.

BARAKA: Mimi naingiza zote, za kufuta nafuta nikikutana nazo. Nusu sekunde kwa wote, mbwa na watu. Ninayemkosa ni mmoja mmoja, lakini hakuna aliyekatwa ulimi.

ZUHURA: Na hakuna aliyepimwa sikio.

BARAKA: Hatukubaliani.

ZUHURA: Hatukubaliani, na mbwa harudi kwenye kadi yangu.

BARAKA: Kwangu hatoki. Nimempa hata jina.

ZUHURA: Usilitaje. Muda wetu umebaki mchache mno, na karatasi yako bado ina mambo mawili.

BARAKA: Kwa sababu ya nani? Haya, la picha naliruka. Ukikata video kwa `-c copy` inakwenda upesi kwa sababu haitengenezi upya kitu, lakini haiwezi kuanzia popote, inaanzia kwenye fremu iliyo kamili peke yake, na hiyo inaweza kuwa sekunde kadhaa kabla ya mstari wako. Kwa kadi, acha itengeneze upya. Mengine tutayasema siku nyingine. Ila la tatu watu wameliuliza sana, manukuu yanayozidi kuchelewa kadiri filamu inavyokwenda...

ZUHURA: Kwa kifupi, Baraka.

BARAKA: Kabla hujakata chochote, pima mstari mmoja wa mwanzoni na mmoja wa mwishoni. Tofauti ikiwa ile ile, sogeza saa zote kwa kiasi hicho, umemaliza. Ikiwa inakua, kasi ya fremu hailingani. Manukuu ya fremu 23.976 kwa sekunde yakiwekwa kwenye filamu ya 25, mstari ulioandikwa saa 1 kamili, mtu anausema dakika ya 57 na nusu. Hapo kusogeza hakusaidii, unazidisha kila saa kwa 23.976 gawanya kwa 25, halafu...

ZUHURA: Nazima.

BARAKA: Halafu ndiyo unaongeza nusu sek—