Tarehe Iliyofichwa Ukurasa wa 31: Kuusoma Mkataba wa Ruzuku
Mhadhara kwa wahasibu na waratibu wa mashirika madogo, Nairobi

Mabibi na mabwana, shikamooni na karibuni. Nimepewa dakika arobaini. Nitaanza na jambo ambalo wengine mmenisikia nikilipigia kelele mpaka mkachoka: mkataba wa ruzuku hausomwi kuanzia ukurasa wa kwanza. Unaanzia kwenye sehemu ya ufafanuzi wa maneno, hata kama iko nyuma kabisa, katikati ya viambatisho. Mnaosoma ukurasa wa kwanza, mkaangalia kiasi cha pesa, kisha mkaruka hadi palipo na sahihi, hebu nisikilizeni.

Tuchukue mkataba wa mfano. Shirika la watu wanne liko Kariobangi na mfadhili ana ofisi yake Brussels. Ruzuku ni shilingi 6,000,000. Mradi unaanza 1 Machi 2025 na unadumu miezi 18, kwa hiyo unaisha 31 Agosti 2026. Kifungu cha ripoti kinasema ripoti ya kila kipindi cha miezi sita ifike kwa mfadhili ndani ya Siku 30 baada ya kipindi kuisha. Mhasibu anahesabu haraka: kipindi cha kwanza kinaisha 31 Agosti 2025, basi ripoti ni 30 Septemba. Ameiandika kwenye kalenda ya ukutani, kazi imekwisha.

Ngoja kwanza. "Siku" hapo imeandikwa kwa herufi kubwa katikati ya sentensi. Neno likivaa herufi kubwa ndani ya mkataba, limefafanuliwa mahali fulani. Ukurasa wa 31 unasema Siku ni siku ya kazi ambayo ofisi ya mfadhili iko wazi. Siku 30 za namna hiyo kutoka 31 Agosti 2025 zinaishia 10 Oktoba. Hapa Kenya hiyo ni Siku ya Mazingira, watu wako nyumbani, lakini Brussels wako kazini na wanaisubiri ripoti.

Najua mtu atasema, "Mwalimu, si hapo tumeongezewa siku kumi? Tatizo liko wapi?" Tatizo liko kwenye tarehe zinazohesabiwa kurudi nyuma, na hizo ndizo watu hawaziandiki kabisa. Kifungu kingine, mbali na cha ripoti, kinasema ombi la kuongeza muda wa mradi lifike angalau Siku 30 kabla ya mradi kuisha. Kwa siku za kawaida, hiyo ni 1 Agosti 2026. Kwa siku za kazi ni 20 Julai. Lakini ndani ya hesabu hiyo kuna 21 Julai, sikukuu ya taifa ya Ubelgiji, ofisi imefungwa, kwa hiyo unasogea tena hadi Ijumaa, 17 Julai. Kutoka 1 Agosti hadi 17 Julai ni siku 15, na mratibu aliyepanga kuandika ombi lake wiki ya mwisho ya Julai ameshachelewa bila habari.

Kompyuta itawahesabia, ilimradi mwiambie ukweli. Kwenye Excel weka sikukuu za nchi ya mfadhili, siyo za Kenya, kwenye H2:H12, na tarehe ya mwisho wa mradi kwenye B2. Kisha:

```
=WORKDAY(B2,-30,H2:H12)
```

Kwa tarehe ya ripoti, weka mwisho wa kipindi kwenye B2, badili -30 iwe 30. Mkataba ukisema siku za kawaida, andika `=B2+30` tu.

Sasa jedwali lenyewe. Kila tarehe iwe na safu yake: nambari ya kifungu, ukurasa, maneno ya mkataba yaliyonakiliwa vilevile, tarehe uliyoikokotoa, na mtu anayehusika. Maneno yanakiliwe, siyo kufupishwa. Ukiandika "ripoti ya nusu mwaka, Septemba", mhasibu wa baadaye hawezi kujua kama ulihesabu kutoka tarehe ya kuanza mradi au tarehe ya kutia sahihi, na hizo mbili mara nyingi zinatofautiana kwa wiki. Andika pia kama ripoti inatakiwa kutumwa au kufika. "Kufika" maana yake imepokelewa upande ule.

Na kama kiambatisho kinagongana na mkataba wenyewe? Tafuta kifungu kinachosema hati ipi inatawala. Mara nyingi masharti mahususi yanashinda masharti ya jumla, lakini usikisie, kisome. Kama hukipati, mwandikie mfadhili barua pepe ya sentensi mbili na ulihifadhi jibu. Wala msiniambie kwamba afisa wa mfadhili alisema kwa simu "hakuna shida". Mkaguzi wa hesabu haisikii simu hiyo.

Nimeona saa. Twende kwenye bajeti, nitakimbia kidogo.

Mkataba wa mfano unaruhusu kuhamisha hadi asilimia 10 kati ya mistari ya bajeti bila kuomba ruhusa. Asilimia 10 ya nini? Mstari wa usafiri una shilingi 400,000. Kama ni asilimia ya mstari, unaweza kusogeza 40,000. Kama ni asilimia ya bajeti yote, ni 600,000. Shirika lililosogeza 100,000 liko salama kwa tafsiri moja na kwa nyingine limetumia 60,000 bila kibali, na hizo ndizo zitakazodaiwa zirudishwe. Angalia pia kama mkataba unazungumzia mstari mmoja mmoja au kundi zima, mathalani "wafanyakazi". Kusogeza pesa ndani ya kundi na kuzitoa nje ya kundi ni vitu viwili.

Kuna kingine: malipo ya awamu ya pili yamefungwa na ripoti pamoja na matumizi. Hapa awamu ya kwanza ni 2,400,000, na mkataba unataka asilimia 70 iwe imeshatumika, yaani 1,680,000. Kama mmetumia 1,500,000, mnaweza kuleta ripoti nzuri kwa wakati na bado msilipwe. Kwa hiyo kiasi hicho kiingie kwenye jedwali lile lile la tarehe, kwenye safu ya ripoti. Tena soma kama "kutumika" ni pesa zilizolipwa au hata zile zenye mkataba na muuzaji.

Masharti ya gharama zinazokubalika nitayagusa tu. Tafuta mambo matatu: gharama iwe imetokea ndani ya muda wa mradi, kodi ya ongezeko la thamani inaruhusiwa au la, na ushahidi gani unatakiwa. Laptopu iliyonunuliwa 25 Februari 2025 haiingii, hata kama iko mezani inafanya kazi ya mradi. Mkaguzi anayelipwa Oktoba 2026 ataingia tu ikiwa mkataba unaitaja gharama ya ukaguzi baada ya mradi. Na matatu nyingi hazitoi risiti, jamani. Uliza mapema, kabla ya kusaini, kama fomu iliyotiwa sahihi na msafiri pamoja na ujumbe wa M-Pesa inatosha. Ukiuliza baada ya kusafiri, unaomba msamaha.

Nilikuwa nimepanga kusema juu ya ununuzi na nukuu tatu za bei, na viwango vya kubadilisha fedha za kigeni. Muda umenikimbia. Maswali ya ununuzi nitayapokea sasa. La euro na shilingi msiniulize leo, hilo lina mhadhara wake.