Breki inayofunguka asubuhi na kugoma mchana

Mafundi wenzangu, habari za jioni. Leo nina kisa kimoja tu, cha kiwanda cha kukoboa kahawa hapa Moshi. Mkanda unaopandisha magunia una mota yenye breki ya sumaku. Asubuhi ulikuwa unapanda bila tabu. Kufika saa nane, kila ukisimamishwa na kuwashwa tena, mota inanguruma, inatoa harufu ya kuungua, ovaloodi inakata. Walishaisuka upya mara moja. Pesa ya bure, samahani.

Kibao cha mota kiliandikwa ampia 4.9. Asubuhi nilipima 4.2, mchana 5.8. Nikavuta mkono wa kufungulia breki huku mkanda unazunguka: ikarudi 4.2 papo hapo. Basi mota ilikuwa nzima, breki ndiyo iliyokuwa inaiburuza.

Nikaanza na rektifaya. Ni ya nusu wimbi, inalishwa volti 400, na hutoa asilimia 45 ya kile inacholishwa, yaani 180 DC. Nilipata 179, koili ikiwa imeunganishwa. Nzima.

Nikazima umeme, nikachomoa koili. Ni ya wati 45 kwa volti 180, kwa hiyo hesabu inadai omu 720. Mchana ule ilisoma 890. Wenzangu wakasema imeharibika. Haikuharibika, ilikuwa ya moto! Shaba huongeza ukinzani karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii. Ikipanda digrii 60 unapata takriban hiyo 890. Mkondo unashuka kwa karibu moja ya tano, na mvuto wa sumaku unapungua hadi kama theluthi mbili. Koili mbaya, ambayo mizunguko ya waya wake imeshikana, ingesoma chini ya 720, si juu.

Lakini koili nzuri huhimili joto hilo. Kwa nini hii ilishindwa? Tukashusha magunia yote kwanza, maana breki ikifunguliwa mkanda wenye mzigo unarudi nyuma na kumfuata aliye chini. Nikaingiza fila geji kati ya mwili wa koili na bati, pembeni mwa kila boliti: milimita 0.65, 0.70 na 0.45. Kitabu cha breki ile kinataka 0.3, mwisho 0.6. Diski ilikuwa imelika, nafasi ikapanuka, tena upande upande. Koili baridi iliweza kulivuta bati kutoka mbali hivyo, ya moto ikashindwa.

Diski ilikuwa bado juu ya unene wa mwisho, nikarekebisha 0.3 pande zote tatu. Usibane zaidi ya hapo. Bati litasugua hata likiwa limevutwa.

Kaka pale nyuma anauliza, si tungefunga rektifaya ya daraja ili ivute kwa nguvu? Hapana, kaka. Ingetoa 360 kwenye koili ya 180, joto mara nne. Ungeipata imeiva.

Kesho yake saa nane niliwasha na kuzima mara kumi. Kila mara breki ilipiga tak, na klampu ikasoma 4.2.