Bonde linalochelewa: kuisoma karatasi moja ya CTG

Ndugu wakunga, madaktari, na nyie wanafunzi mliokaa nyuma, karibuni msogee mbele. Nimekuja na karatasi moja tu ya CTG, mashine inayochora mapigo ya moyo wa mtoto na uchungu wa mama, nayo nimeibandika ukutani ili kila mtu aione. Ina urefu wa sentimita 90. Mashine yetu inasukuma karatasi sentimita moja kwa dakika, kwa hiyo mnaona dakika 90 za leba ya mama mmoja, kuanzia saa nne usiku hadi saa tano na nusu. Mkirudi wodini, jambo la kwanza ni kuangalia mashine yenu imepangwa kwa mwendo gani. Kuna zilizopangwa sentimita tatu kwa dakika, na huko michoro yote inavutika kama mpira. Ukiisoma kwa jicho lililozoea sentimita moja, utakosea.

Mama alikuwa na ujauzito wa pili, wiki ya 39, presha 150 kwa 100, na tumbo lilionekana dogo kuliko wiki zake. Alianzishiwa uchungu. Saa nne usiku njia ilikuwa imefunguka sentimita 5 na alikuwa kwenye dripu ya oksitosini.

Mstari wa juu ni moyo wa mtoto, wa chini ni kubana kwa mji wa mimba. Tuanze na nusu saa ya kwanza. Kupata kiwango cha msingi, angalia kipande cha dakika 10, uache kando miinuko na mabonde, halafu ujiulize mstari umelalia wapi. Hapa umelalia 135. Kawaida ni kati ya 110 na 160, kwa hiyo tuko salama. Lakini mkunga wa zamu alifanya jambo moja ambalo wengi tunaliruka: alimshika mama mkono na kuhesabu mapigo yake, akapata 92, akaandika pembeni ya karatasi. Kipokezi kikiteleza kidogo kinaweza kuokota mapigo ya mama, na mama aliye kwenye uchungu mkali anaweza kufika 120 au zaidi. Mashine itachora mstari mzuri kabisa, wa mtu mwingine.

Sasa sogeeni muutazame huo mstari wa 135 kwa karibu. Haujanyooka. Unatetemeka kama ukingo wa msumeno, na ukipima upana wa mtetemo huo ndani ya dakika moja unapata kama mapigo 10. Huko ndiko kuyumba kwa mapigo, na tunakutaka kuwe kati ya 5 na 25. Mishipa ya fahamu inayouharakisha moyo na ile inayoupunguza kasi inavutana kila wakati, na mvutano huo unaonekana pale tu ubongo wa mtoto unapopata oksijeni ya kutosha. Ukiniambia nichague kitu kimoja tu cha kutazama kwenye karatasi nzima, nitachagua huku kuyumba.

Pale saa nne na dakika 12, na tena dakika 20, mnaona miinuko miwili. Moyo umepanda zaidi ya mapigo 15 juu ya msingi na ukakaa huko zaidi ya sekunde 15, kisha ukarudi. Mtoto amecheza, moyo ukamjibu. Mtoto wa namna hiyo, kwa saa hiyo, hana shida ya hewa. Miinuko ikikosekana wakati wa leba, peke yake si dalili mbaya. Inakuwa na uzito inapokosekana pamoja na mambo mengine, kama tutakavyoona sasa hivi.

Saa nne na dakika 35 dripu iliongezwa. Tazameni mstari wa chini: ndani ya dakika 10 zilizofuata uchungu ulikuja mara sita. Zaidi ya mara tano ni nyingi mno, kwa sababu mtoto hapati nafasi ya kupumua katikati. Dakika 45 ukatokea mkosi: mkanda unaopima uchungu ukateleza, na kuanzia hapo mstari wa uchungu ni bapa. Juu yake, moyo unaanza kuchora vibonde vidogo, vya taratibu, kama bakuli la kina kifupi. Havizidi mapigo 15 kwenda chini. Mwenzetu mmoja alipita, akatazama, akasema, "Ni kichwa kinabanwa tu, anashuka." Ikaachwa hivyo kwa dakika kama 20.

Ndugu zangu, hapa naomba mnisikilize vizuri. Bonde la kuchelewa halitambuliki kwa kina chake. Linatambulika kwa saa. Na huwezi kusema kitu kimechelewa kama hujui kilitakiwa kufika lini. Mstari wa chini ukiwa bapa, huna saa, kwa hiyo neno "kichwa kinabanwa" lilikuwa kubahatisha.

Mkunga alivuta kiti, akaweka kiganja kwenye tumbo la mama upande wa juu, akashika penseli mkono wa pili. Tumbo lilipoanza kukaza alichora alama kwenye karatasi inayotoka. Lilipofika kilele, alama. Lilipolegea, alama. Alifanya hivyo kwa machungu manne mfululizo. Hizi hapa alama zake, bado zinaonekana. Bonde linaanza kama sekunde 30 baada ya tumbo kukaza. Chini kabisa ya bonde iko baada ya kilele. Na tumbo likishalegea, moyo bado uko chini, unarudi polepole karibu nusu dakika baadaye. Mara nne, namna ileile.

Kwa nini unachelewa? Mji wa mimba unapobana, mishipa inayopeleka damu ya mama kwenye kondo la nyuma inaminywa. Mtoto anaishi kwa akiba ya oksijeni iliyobaki kwenye kondo. Akiba ikitosha, uchungu unapita bila moyo kubadilika. Akiba ikiwa ndogo, oksijeni inashuka taratibu, vipimo vya asili vilivyo kwenye mishipa mikubwa ya mtoto vinagundua, ndipo moyo unapunguzwa kasi. Safari hiyo yote inachukua muda, na huo muda ndio ucheleweshaji mnaouona. Kurudi nako kunasubiri damu mpya ijae. Bonde la kubanwa kichwa ni tofauti: linakwenda sambamba na uchungu, linaanza nao na kuisha nao. Bonde la kubanwa kwa kamba ya kitovu linaporomoka ghafla, kama ukuta, na kupanda ghafla.

Roberto Caldeyro-Barcia na wenzake kule Montevideo, Urugwai, ndio waliotuonyesha mapema tofauti hii ya wakati. Waliyaita mabonde ya aina ya kwanza na ya pili. Ya pili ndiyo haya yanayochelewa.

Rudini kwenye karatasi, saa tano na dakika 10. Msingi sasa uko 155. Kwa kitabu bado ni kawaida, haujapita 160. Lakini mtoto huyuhuyu saa moja iliyopita alikuwa 135! Mlinganisheni na yeye mwenyewe. Amepanda mapigo 20 kwa sababu mwili wake unamwaga homoni za kupambana. Na ule msumeno uko wapi? Umelainika. Upana haufiki 5. Miinuko hakuna tangu dakika 20 ile. Jicho la haraka linaona mstari mtulivu wenye vibonde visivyotisha, kumbe utulivu huo ndio unaotisha. Mtoto mwenye mabonde ya kina kirefu lakini msumeno wake uko hai, mara nyingi ana nguvu kuliko huyu. Ndiyo maana mstari ukishalainika namna hii, hata bonde la mapigo 10 lihesabiwe.

Naona mkono pale. Ndiyo, dada. Unauliza kama mama alipewa pethidini. Swali zuri sana, kwa sababu pethidini inalainisha mstari, na magnesiamu salfeti vilevile. Mtoto akilala usingizi mzito mstari pia unalainika, hadi dakika 50 hivi. Huyu hakupewa dawa hizo. Na usingizi hauleti mabonde ya kuchelewa.

Walichofanya ni hiki. Dripu ya oksitosini ilifungwa palepale, kabla ya kumpigia daktari simu, na hilo ni sahihi. Mama alikuwa amelala chali. Akageuzwa ubavu wa kushoto ili mji wa mimba usiukandamize mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Wakapima presha, kwa sababu mama mwenye presha iliyoporomoka hutoa picha hiihii. Wakamchunguza njia, wakahakikisha kitovu hakijatangulia: bado sentimita 5, na maji yalikuwa yamegeuka rangi ya kijani. Maji ya mshipa hawakuyamimina kwa wingi, maana kwa mama mwenye presha ya mimba yanaweza kuishia mapafuni. Kisha wakasubiri wakitazama, kwani oksitosini huisha nguvu ndani ya dakika chache.

Saa tano na nusu uchungu ulikuwa umeshuka hadi mara tatu kwa dakika 10. Kama shida ingekuwa dripu peke yake, mabonde yangeondoka na msumeno ungerudi. Mabonde yalipungua kina, lakini yalibaki yakichelewa, na mstari ukabaki laini. Njia ilikuwa bado mbali. Daktari akaamua upasuaji. Mtoto alizaliwa saa sita usiku ikiwa imeshapita, kilo 2.2, alama za Apga 6 kwa dakika ya kwanza na 9 kwa dakika ya tano. Kondo la nyuma lilikuwa dogo, lenye mabaka meupe magumu. Akiba ilikuwa ndogo tangu mwanzo; dripu iliifichua.

Sitaki mtoke hapa mkidhani kila bonde ni kisu. Karatasi hii inaonya mara nyingi kuliko hatari yenyewe. Watoto wengi wenye mabonde ya kuchelewa huzaliwa wazima. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba kufuatilia kwa mashine muda wote kunapunguza degedege la watoto wachanga, lakini hakukuonekana tofauti kwenye vifo wala mtindio wa ubongo, huku upasuaji ukiongezeka. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wa mwaka 2018, halishauri mashine ya muda wote kwa mama mwenye afya ambaye uchungu umekuja wenyewe. Mama wa karatasi hii hakuwa huyo: alikuwa na presha, mtoto mdogo, na dripu.

Swali la mwisho. Kaka anasema kituo chao hakina mashine, wana Dopla moja na fetoskopu. Bonde hili unaweza kulisikia, kaka. Kosa letu ni kusikiliza katikati ya machungu tu, moyo ukiwa umesharudi. Weka kiganja tumboni, anza kusikiliza uchungu ukiwa bado umekaza, hesabu dakika nzima, na usiondoe sikio mpaka nusu dakika ipite baada ya tumbo kulegea. Rudia kwa machungu matatu. Ukisikia kila mara moyo unakwenda polepole wakati tumbo tayari limelegea chini ya kiganja chako, andaa gari.